Siprizi Iwe ya Zawadi, Isiwe ya Baba

Kuna kazi moja ambayo sisi walimu wa Bunia tunaombwa mara nyingi, ingawa haimo katika programu ya shule. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye leo ana watoto wake, anafika nyumbani jioni na daftari mkononi. Anasalimu, anakaa, anauliza habari za watoto, kiisha anasema: "Mwalimu, Papa yetu anatimiza miaka makumi sita. Tunamfanyia feti ya siprizi, yeye hajui kitu. Utuandikie diskuru ya kumpa zawadi, kwa jina la watoto na wajukuu. Iwe ya Kifaransa kizuri."

Tumeandika diskuru za namna hiyo nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Leo tunataka kuzishitaki, na mshitakiwa wa kwanza ni sisi wenyewe.

Tuanze na ile ya mwaka 2022. Baba mwenyewe alikuwa fundi wa mbao, mtu wa maneno machache, anayeheshimika katika mtaa wake. Watoto walikodi sali, wakaweka viti vyenye vitambaa, bafle mbili kubwa, gato ya ngazi tatu. Ili kumtoa nyumbani bila kumwambia sababu, walimpigia simu saa kumi na mbili jioni: mjukuu wako ameanguka, njoo haraka. Mzee akapanda pikipiki na kandambili miguuni, shati la kazi likiwa na unga wa mbao hata kwenye kola. Alifika mlangoni, ndani giza. Akapiga hatua mbili. Taa zikawaka kwa mara moja, watu themanini wakapiga kelele, na vijana wawili wakapasua mabomba yale ya karatasi za rangi.

Mzee alijitupa chini, mikono kichwani.

Watu wakacheka. Vijana walicheka zaidi, juu wengi wao mwaka 2003 walikuwa hawajazaliwa au walikuwa mgongoni. Lakini sisi tulioishi hapa mwezi wa tano wa mwaka ule, jeshi la Uganda lilipoondoka na mji ukabaki mikononi mwa vikundi vya bunduki, tulikumbuka mara moja kwamba katika Bunia kelele ya ghafla gizani ina maana yake. Kuna waliokimbilia uwanja wa ndege, kuna waliolala nje kando ya ua wa MONUC, kuna walioshika njia ya Beni kwa miguu. Miili yao haijasahau. Na tangu Desemba 2017 wilaya ya Djugu imetuletea wakimbizi wapya kila mwaka, watu ambao kengele ya simu usiku inawatosha kushika mlango. Mtu aliyeona hayo, unamwitaje kwa habari ya uongo ya ugonjwa, kiisha unampigia kelele gizani, na kusema ni mapenzi?

Basi wakamwinua, wakamkalisha kwenye kiti chenye maua. Watu wote walivaa suti na vitenge vipya. Yeye peke yake alikuwa na kandambili. Protokoli wa kukodi akashika mikrofoni na kusoma diskuru yetu. Tulikuwa tumeiandika kwa Kifaransa kirefu, kurasa tatu, yenye maneno ambayo mwalimu huyaandika akitaka kuonyesha kwamba alisoma. Mzee anajua Kifaransa cha kununua misumari. Katikati ya ukurasa wa pili protokoli alikosea jina lake. Kiisha ikafuata orodha, ambayo sisi hatukuiandika lakini hatukuikataza pia: mtoto wa kwanza dola mia mbili, wa pili mia moja hamsini, na vile mpaka wa mwisho, msichana anayeuza sombe sokoni, dola tano. Watu walimpigia makofi machache kuliko wengine. Zawadi ikafunuliwa: televisheni kubwa, na bei yake ikatajwa. Diskuru ikafunga kwa sentensi ambayo hadi leo tunaionea haya, yenye maana hii: Papa, ulitulipia masomo, leo nasi tumekulipa.

Mikrofoni ilipofika kwa mzee, akasema, "Asanteni." Akairudisha.

Watu walisema amezidiwa na furaha. Sisi tulikuwa tumekaa karibu naye, na tunasema kwamba haikuwa furaha. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa neno. Hapa ndipo tunataka tugombane na wenzetu, juu jambo lote liko hapa.

Kuna wazee wanaosema kwamba aniverseri yenyewe si yetu, tuitupe. Kwa sehemu wana haki. Wazazi wetu hawakuhesabu siku, walihesabu mambo. Mtu alizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka mwami fulani alipotawazwa, au wakati wa Simba. Hata wimbo ule tunaoimba mbele ya gato haukutungwa kwa ajili ya aniverseri: sauti yake ilitolewa mwaka 1893 na dada wawili wa Amerika, walimu kama sisi, ili watoto wa shule wasalimiane asubuhi. Lakini hatuoni sababu ya kuitupa sikukuu kwa sababu ilitoka mbali. Kanisa lilitoka mbali, shule ilitoka mbali, hata muhogo ulitoka mbali, na hakuna anayekataa sombe. Watoto wanaokutana kutoka Kisangani, Kampala na Butembo ili wamwone baba yao angali hai wanafanya jambo jema. Tumekwisha kuona familia nyingi zinazokutana siku ya jeneza tu.

Ubaya uko katika diskuru. Katika mikutano yetu ya ukoo, iwe ya mahari, iwe ya kilio, iwe ya kugawa shamba, mzee anajua mapema kwamba kuna mkutano. Anaoga, anavaa, anafikiri. Vijana wanasema kwanza, naye anasema mwisho, na neno lake la mwisho ndilo baraka. Zawadi bila neno la yule anayepokea ni mzigo tu uliotuliwa mbele ya mtu. Siprizi ya namna tunayoifanya inageuza mambo: vijana wanajua yote, wameandaa yote, wana karatasi, mzee hana kitu, hata viatu. Kiisha tunashangaa kwamba alisema "asanteni" peke yake.

Kwa hiyo mwaka 2025, alipokuja binti mwingine na ombi lile lile, tulimwambia: tutakuandikia, lakini kwa masharti yetu. Baba yake ni fundi wa nguo. Tulikaa naye jioni tatu, na tunaeleza hapa kilichofanyika, juu wengi watapenda kujua namna.

Sharti la kwanza lilihusu siprizi yenyewe. Tulimwambia: baba aambiwe siku nne mbele kwamba Jumapili watoto wote watakula kwake, na kwamba watasema naye. Mama na baba mdogo wajue yote. Kinachofichwa ni zawadi peke yake. Binti alilalamika: "Sasa siprizi iko wapi?" Tukamjibu kwamba iko chini ya kitenge, pembeni ya sebule, na inatosha.

Zawadi ilikuwa mashini ya kushonea, ya miguu, juu umeme wa kwao unakuja na kwenda. Hapo tulikuta jambo gumu. Mashini ya kwanza ya mzee, aliyoinunua ujanani, iliporwa mwaka 2003 walipokimbia. Tangu pale alishona kwa mashini ya wengine, kwa kodi ya kila mwezi. Huwezi kumpa mashini bila kusema juu ya ile iliyopotea. Angalijua kwamba mmeogopa. Lakini wageni wangekuwa Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, na mkwe mmoja anatoka upande ambao watu wa mtaa, wakati ule, waliusema kwa vidole. Neno moja baya, na sikukuu ya baba inakuwa mahakama. Binti alikuwa ameandika "maadui zetu waliiba." Tulikaa juu ya sentensi ile karibu saa nzima. Mwishoni tulikubaliana kusema kilichotokea kwa mashini, bila kusema nani. "Mashini ilibaki, tuliporudi hatukuikuta." Ni kweli yote, na hakuna mgeni anayeweza kusimama aseme ametukanwa.

Jambo la pili ni tarehe. Kadi ya mpigakura ya mzee imeandikwa mosi Januari 1965, juu mwandishi alitaka siku na mwezi, na mzee hakuwa nazo. Diskuru nyingi zinasoma tarehe kama hiyo kwa sauti kubwa, na mzee anakaa pale akijua kwamba si kweli. Tulishauri waseme wazi namna walivyohesabu. Ni heshima zaidi kumwambia mtu "tumekadiria" kuliko kumzalisha siku ya serikali.

Orodha ya michango tuliifuta. Mchango uliandikwa katika daftari moja, daftari likakaa kwa kifungua mimba, naye akalifunga. Bei haikutajwa. Wengine watasema wageni wanataka kujua. Wageni waende sokoni waulize bei ya mashini.

Na lugha: Kiswahili, kile tunachosemea nyumbani. Wenzetu wanaona Kiswahili chetu hakina adabu ya sikukuu. Tunawauliza: baba alikutuma maji kwa lugha gani? Alikuombea ulipokuwa na malaria kwa lugha gani? Sisi tunafundisha Kifaransa, kinatulisha, hatukidharau. Lakini diskuru inayohitaji mkalimani ili baba aelewe kwamba anapendwa imeandikwa kwa ajili ya wageni.

Hii ndiyo diskuru, kama ilivyosomwa na binti wa kwanza, akiwa amekaa na si kusimama, juu baba alikuwa amekaa:

"Papa, kaa vizuri, hatuna haraka. Tunasema na wewe mbele ya mama, mbele ya baba mdogo, mbele ya wakwe zetu na majirani.

Siku yako ya kuzaliwa hakuna anayeijua. Kwenye kadi wameandika mosi Januari, na wewe mwenyewe ulicheka. Sisi tunajua neno la mama yako tu, kwamba wakati wa Simba alikimbia na mimba yako, na ulizaliwa nyuma, watu walipoanza kurudi mashambani. Tumehesabu kutoka pale, tumefika makumi sita. Kama tumekosa, utatusahihisha.

Ulizaa watoto sita. Watano tuko hai. Mmoja alibaki Beni katika udongo, na leo tunamtaja, juu hatuwezi kukuhesabia watoto pungufu.

Mwaka 2003 tulitoka hapa kwa miguu. Wewe ulibeba mdogo wetu, mama alibeba sufuria. Mashini ilibaki, tuliporudi hatukuikuta. Leo hatuulizi iko wapi. Tunasema tu kwamba tangu siku ile ulishona kwa mashini ya watu, ukalipa kodi yake, na karo zetu zikatoka mule mule. Ulidhani hatuoni. Tuliona. Na mama aliyekata vitambaa usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta, yeye pia tulimwona.

Kilicho chini ya kitenge si malipo. Ungetaka kutuhesabia, tungeshindwa wote. Tunakuomba ukipokee. Utakitumia unavyotaka, hata ukitaka kukikalia tu bila kushona, ni chako. Mkanda umefungwa, mafuta yamewekwa.

Wajukuu wako na neno lao. Kiisha wao tunanyamaza, tunangoja neno lako."

Msomaji ataona kwamba ni fupi. Kwa sauti ya kutulia haifiki dakika nne, na hiyo ni makusudi: nafasi iliyobaki ni ya mzee. Ataona pia kwamba haina sifa. Haisemi "baba shujaa, baba nguzo, baba nyota." Sifa za namna ile zinamfaa baba yeyote, na kwa hiyo hazimwambii huyu kitu. Kodi ya mashini ni yake peke yake. Na mama yumo kwa sentensi moja, juu tumeona feti za baba ambamo mama anabaki jikoni mpaka wakati wa picha.

Kuhusu wajukuu, hapo kuna hekima ambayo diskuru za kizungu zinaiharibu. Mara nyingi mjukuu anapewa karatasi ya kukariri, anasimama kama bendera na kusema kwamba babu ni maktaba. Lakini kwetu mjukuu na babu wana ruhusa ya utani ambayo mtoto na baba hawana. Mtoto akimdai baba mbele ya watu ni aibu. Mjukuu akidai, watu wanacheka na babu anafurahi. Kwa hiyo tulikataa kumwandikia mjukuu chochote. Msichana wa miaka tisa alikwenda mbele, akavuta kitenge, akamwambia babu yake: "Babu, sketi yangu ya shule imepasuka. Kila siku unasema kesho. Sasa utasema nini?" Sali ingekuwapo ingevunjika kwa kicheko, kilichokuwapo ni sebule na ua, na vilitosha.

Tunajua watakachotujibu. Watasema: mwalimu, mmeua siprizi, vijana wanapenda kuona uso wa mzee anaposhtuka, wapate picha ya simu. Tunajibu kwamba uso wa mtu anayeshtuka ni uso wa mtu anayeshtuka tu. Ungempa nyoka angefanya vile vile. Uso wa yule fundi alipoona gurudumu la mashini haukuwa wa mshtuko, na ulidumu muda mrefu kuliko picha. Watasema pia kwamba mzee akiambiwa mapema atakataa, atasema msiharibu pesa. Hiyo ni kweli, wazee wetu wengi ndivyo walivyo. Lakini hakuambiwa juu ya zawadi. Aliambiwa juu ya chakula na maneno, na hakuna mzee wa Ituri tunayemjua aliyekataa chakula na maneno ya watoto wake.

Kuna jambo moja ambalo bado hatujapata jibu lake, na ni vizuri tulikiri. Watoto walio mbali wanataka kusema kwa simu wakati ule ule. Mtandao unakatika, watu wanapiga "alo, alo" kwa dakika kumi, na diskuru inapoa kama chai. Katika sikukuu hii mtoto wa Kampala alituma sauti yake tangu jana yake, ikachezwa kabla ya chakula. Haikuwa mbaya. Lakini alilalamika kwamba hakusikia jibu la baba, na ana haki.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi. Mzee alikaa kimya. Protokoli wa kukodi angejaza kimya kile kwa muziki. Hapa hakukuwa na protokoli. Aligusa gurudumu, akalizungusha kidogo, akasikiliza sindano ikipanda na kushuka. Kiisha akasema na binti yake: "Diskuru ni nzuri, lakini kuna kosa. Mama yangu hakukimbia Simba na mimba. Alikimbia na mimi mgongoni, nilikuwa nimekwisha kuota meno. Alinieleza kwamba nilimuuma begani njiani, juu nilikuwa na njaa. Kwa hiyo makumi sita nimeyapita, mmechelewa."

Watu walicheka, naye akangoja wamalize. Akamtaja mtoto wa Beni kwa jina, mara mbili. Akawabariki mmoja mmoja kwa kuwawekea mkono kichwani, pamoja na yule mkwe. Akaomba ile karatasi, akatoa kalamu ya kuwekea alama kwenye nguo, akakata neno "mimba" na kuandika juu yake "mgongoni." Karatasi iko kwa binti, sisi tuna nakala, na kila anayekuja kutuomba diskuru ya Papa tunamwonyesha kwanza ile alama.